Ndiyo, Watoto Wanaweza Kuvuka

Sikuona shemeji alikuwa akifanya nini pale mtoni. Nilimwona akiinama, nikadhani anafunga kamba za viatu. Nilimwona akitazama upande wa kulia kwa kitambo, nikadhani anapumzika, maana umri wake si wa kushindana na milima. Kisha akasema, "Haya, tuvuke," nasi tukavuka, mimi na binti yake wa miaka sita, maji yakiishia chini ya magoti ya mtoto. Siku tatu baadaye niliyaandika hayo kwa uaminifu wa mtu aliyezoea kuandika tasnifu. Kila sentensi ilikuwa kweli.

Dada yangu na mumewe, ndiye huyo shemeji, wana nyumba ya wageni yenye vyumba vinane, na shemeji huwaongoza wageni hadi kwenye maporomoko ya maji. Waliniomba niwaandikie makala ya tovuti yao kwa jicho la mgeni. Wao wenyewe, alisema dada, wameyaona maji yale mpaka hawayaoni tena. Binamu yetu anayeitunza tovuti alinipa sharti moja. Alikuwa amechunguza watu huandika nini wanapotafuta mtandaoni, akakuta wengi huandika jina la maporomoko yetu na kuongeza maneno mawili: na watoto.

"Profesa," aliniambia. Huniita hivyo kwa kunitania. Mimi ni mhadhiri tu. "Hadithi yako tamu, lakini mtu mwenye watoto wawili kwenye gari hana muda wa kungoja utamu. Maneno yale yawe kwenye kichwa, na yawe kwenye aya ya kwanza. Halafu niwekee swali kama wanavyoliuliza wenyewe, na jibu fupi chini yake."

"Fupi kiasi gani?"

"Lisemeke kwa pumzi moja."

Nikaandika: *Je, watoto wanaweza kuvuka mto? Ndiyo. Hata mtoto wa miaka sita huvuka bila maji kumfika magotini.* Kwamba tulikuwa na mwongozaji nililisema pia, katika aya ya saba, baada ya maelezo ya vipepeo ambayo niliyapenda kupita kiasi.

Makala ikapanda kwenye matokeo ya utafutaji. Wiki ya sita ikawa ya kwanza kabisa, na injini ya utafutaji ikaanza kulinyanyua lile jibu fupi na kulionyesha juu ya orodha yote, peke yake, hivi kwamba mtu aliweza kulisoma bila kuifungua makala. Binamu alinipigia simu akicheka kwa furaha. Nilikuja kuwatembelea mwisho wa wiki ile, nikiwa nimejaa fahari ambayo leo nikiikumbuka naona haya.

Jumamosi saa nne asubuhi tulikuwa katika chumba kidogo nyuma ya mapokezi, binamu akinionyesha idadi ya wasomaji, simu ya mezani ilipolia. Dada alikuwa akitandika vitanda. Nikaipokea mimi.

"Samahani dada, nimeitoa namba hii kwenye tovuti yenu," alisema mwanamke. Nyuma ya sauti yake palikuwa na mvumo kama wa lori lisilomaliza kupita. "Tuko hapa mtoni. Mume wangu amevuka na watoto, mimi nikabaki na mizigo. Sasa maji yamepanda. Yalikuwa kama mlivyosema, sasa si kama mlivyosema."

Nilitazama dirishani. Ua lilikuwa kavu.

"Mvua hainyeshi," nilisema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

"Hata hapa hainyeshi. Dada, mmeandika hata mtoto wa miaka sita anavuka. Wangu mmoja ana miaka saba, mwingine mitano. Wapite wapi?"

Nilitafuta kichwani picha ya mto ule, nikakuta vipepeo, mwanga juu ya mawe, na mgongo wa shemeji. Sikuwa na kitu kingine. Nilikuwa nimewaelekeza watu elfu kadhaa mahali ambapo mimi mwenyewe nilipitishwa.

"Usikate simu," nilisema, nikamwita shemeji kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Alikuja na mikono yenye grisi, akaichukua simu bila kuuliza.

"Mama, kulia kwako, chini ya mti ulioinama, kuna jiwe lenye mstari wa rangi nyeupe. Unauona mstari?" Alisikiliza. "Hata jiwe lenyewe hulioni. Sawa. Mume wako ana simu? Iko kwenye mfuko wako. Anakusikia ukimwita? Hakusikii. Sawa. Anafanya nini sasa hivi?"

Alibonyeza kitufe cha spika, nasi sote tukamsikia.

"Amembeba mdogo mabegani. Anaingia. Kaka, anaingia majini."

"Nyoosha mikono yote miwili juu, ipishanishe kama msalaba. Halafu kaa chini. Kaa chini kabisa, akuone umekaa. Mtu akiona mkewe amekaa hana haraka ya kumfuata."

Simu ilibaki na mvumo tu. Binamu alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nilihesabu pumzi zangu, nikapotea njiani, nikaanza upya. Niliwaza kwamba mtoto yule hakuwa na habari nami, na kwamba alikuwa ndani ya maji kwa ajili ya neno langu moja, ndiyo.

"Amesimama," mwanamke alisema. "Maji yako kiunoni. Ananitazama." Kisha, baada ya muda ambao sitaki kuupima: "Anarudi nyuma."

"Mwonyeshe kwa mkono apande juu, mbali na mchanga, na watoto mbele yake," alisema shemeji. "Mvua imenyesha milimani, mama, haijafika kwetu. Nakuja kwa pikipiki na mwenzangu. Tutazungukia daraja la juu. Dakika hamsini." Akanirudishia simu. "Shemeji, zungumza naye. Asisimame."

Nilizungumza naye dakika hamsini na nane. Aliniuliza mara mbili kama ni mimi niliyeandika, na mara zote mbili nilisema ni mimi.

Binamu alinong'ona, "Niifute makala?"

Nilifunika simu kwa kiganja. "Ukiifuta itakuwaje?"

"Anayebofya atakuta ukurasa mtupu. Lakini lile jibu litaendelea kuonekana kwenye matokeo mpaka injini ya utafutaji iupitie ukurasa tena. Siku moja, pengine nne."

"Basi usifute. Wale walioko njiani wanahitaji kukuta kitu. Andika juu kabisa: mto umefurika, msivuke, pigeni simu. Na lile jibu libadilishe."

"Nimelibadilisha," alisema baada ya kitambo. "Na nimeomba ukurasa upitiwe upya." Kisha akalitafuta jina la maporomoko katika simu yake mwenyewe, akaongeza yale maneno mawili, akaniwekea kioo mbele ya macho. *Ndiyo.* Lilikuwa pale pale. Tangu alfajiri watu sitini na watatu walikuwa wamebofya, na waliolisoma bila kubofya walikuwa wengi kuliko hao. Hatukuwa na njia ya kuwajua.

Shemeji aliwafikia kupitia daraja la juu. Baba na watoto walikuwa wameketi kwenye mwamba, mdogo akitetemeka ndani ya shati la babake. Hakuna aliyeumia. Mama yule hakutulaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Familia nyingine mbili zilifika mtoni mchana ule. Shemeji alikuwa bado pale, akazirudisha.

Jioni alinieleza kwamba mstari ule aliupaka mwenyewe, na kwamba kila safari huinama auangalie: maji yakiufunika, havushi mtu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi, shemeji. Nikaona nisikutie hofu."

Lile jibu lilitoweka kwenye matokeo siku ya tatu. Bado naandika kwa jicho la mgeni, na bado binamu hunipa maneno ya kutafutwa, lakini siandiki tena jibu la swali lolote la usalama. Hilo huandikwa na shemeji, na makala haichapishwi kabla hajaisoma yote. Tumeshuka hadi nafasi ya tisa.