Thelathini na Nane

"Kurasa tisa, mwalimu! Kurasa tisa, na hoja—"

"Mzee, ngoja nimalize—"

"—hoja kumi, nimezihesabu mwenyewe—"

"—hapa hatuhesabu hoja, ndicho ninachotaka kuwa—"

"—halafu thelathini na nane!"

Darasa zima la mwaka wa kwanza tukatazama chini, kama watoto ambao wazazi wao wanagombana mezani. Dereva alisimama safu ya pili, insha mkononi. Miaka arobaini na tisa, zaidi ya nusu yake nyuma ya usukani wa lori, na lori ameliacha ili asome. Sisi tulimwita Dereva, yeye alituita mizigo. Mwalimu alilingana umri na kifungua mimba wa Dereva.

"Kaa kwanza, mzee wangu. Nieleze, halafu utanigombeza vizuri."

Tukacheka. Dereva akakaa, ila kwa nusu kalio.

"Kujibu swali na kulijengea jibu, alama arobaini," mwalimu akasema akiandika ubaoni. "Ushahidi, thelathini. Mpangilio, ishirini. Lugha na kutaja vyanzo, kumi. Tumesahihisha wawili, kila mtu kivyake, na karatasi zina namba, hazina majina. Tukipishana zaidi ya kumi, anasoma wa tatu. Tukipishana kidogo tunakaa, tunaisoma tena mpaka tukubaliane."

Swali mnalijua, akasema: barabara mpya inamnufaisha mwanakijiji au inammaliza? Akashika chaki nyingine.

"Aliyetueleza tu watu wamesema nini kuhusu barabara, arobaini na kitu, D. Aliyejibu, akaleta na ushahidi, ila sababu zake zimekaa kila moja na lwake, hamsini na kitu, C. Sababu zikishikana, hii ikiibeba ile, B. Na aliyemtafuta mtu wa kumpinga, tena mpinzani mwenye akili, akamjibu na bado akabaki amesimama, huyo sabini kwenda juu. A."

Mimi nilikuwa na hamsini na mbili. Nikaangalia sababu zangu. Kweli, hazikusalimiana.

"Na chini ya arobaini?" Dereva akauliza.

"Hajajibu."

"Sijajibu? Hoja zote kumi ni zako! Wiki ya tatu, umetamka, nimeandika. Umejifelisha mwenyewe!"

Tuligonga meza kwa kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Ningeiandika mimi hivyo, ningefeli hivyo hivyo. Nilizitaja ili mzigombanishe, mzee. Wewe umezipanga kama magunia. Uko upande gani?"

"Swali halikuuliza mimi naonaje."

"Ndicho pekee lilichouliza."

Dereva akaishusha insha mezani. "Shuleni ilikuwa hoja moja, alama mbili," akasema, sauti imeshuka.

"Najua. Nikusomee alama zako mbele ya watu?"

"Soma. Nishavuliwa nguo tayari."

"Kumi na tatu, kumi na mbili, nane, tano. Mwenzangu alikupa thelathini na sita, mimi arobaini. Tumekaa na karatasi yako nusu saa tukitafuta sentensi moja tu iliyo yako. Mtu kapita barabara zote hizo!"

Nikajitia kimbelembele. "Mwalimu, muongezee mbili za safari ndefu!"

"Nionesheni mstari wa kuziweka, naziweka sasa hivi. Alama zinaingia kwenye kikao cha matokeo saa nane mchana."

Dereva akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka wa tisa, kidole kikishuka taratibu. Alipofika mwisho akarudi wa nne, akasoma tena, akaikunja karatasi.

"Hakuna," akasema.

"Pole, mzee. Basi nimalizie kwa wote. Mwenye thelathini na tano mpaka thelathini na tisa anafanya sapu, insha nyingine, baada ya wiki tatu. Sapu haina darasa, na akiifeli, chuo ndiyo basi. Chini ya thelathini na tano hana sapu. Anarudia somo mwakani tangu mwanzo, vipindi vyote."

"Wiki tatu," Dereva akasema. "Na hiki kitu cha kuwa na upande, nani ananifundisha?"

"Kwa sapu? Hakuna, mzee. Hata mimi siruhusiwi."

Nilimnong'oneza, "Piga magoti, mzee, omba mbili tu." Vijana wa nyuma walishaanza kusema kwa chinichini, mwonee huruma, mwalimu, muongezee. Mwalimu mwenyewe alikuwa amekaza uso, tayari kukataa.

Dereva akasimama, akashuka mpaka kwenye meza ya mwalimu, akaiweka insha mbele yake kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema, "naomba unipunguzie nne."