Nondo Kando ya Mlango

Marehemu dada yangu alikuwa fundi mwashi. Shule ya chekechea ilimwita akague darasa jipya kabla mkanda wa zege haujamwagwa juu ya kuta, nami nikamsindikiza.

Mkandarasi alikuja na viatu visivyowahi kukanyaga udongo.

"Mama, usitupotezee muda. Nondo zimesimama kila kona na kando ya kila mlango na dirisha. Huzioni zilivyochomoza?"

"Nondo naziona, kaka. Zege lake liko wapi?"

Dada aligonga kwa nyundo matofali yenye matundu kando ya mlango, kutoka juu kwenda chini. Ya juu yalijibu kwa sauti nzito, lakini kuanzia kiunoni kushuka ulisikika mlio wa debe tupu. Akatoboa tofali la chini kabisa. Ndani ya tundu nondo ilikuwa uchi, akaitikisa kwa vidole viwili. Juu yake palisokotwa karatasi za mifuko ya saruji ili zege lisishuke.

"Umeivisha kofia tu," alisema. "Haishiki tofali wala msingi. Ukuta ukisukumwa, itabaki kutazama watoto wakifukiwa."

"Umeniaibisha mbele ya mafundi wangu!"

"Aibu ilikuwa humu. Mimi nimeifungulia dirisha."

Mkandarasi alicheka, akamwambia mwalimu mkuu kwamba wanawake hupenda makuu. Mwalimu mkuu alipiga magoti, akaingiza mkono tunduni, akaitikisa nondo mwenyewe.

Kuta zilianza kushushwa siku hiyo hiyo, na mafundi wale wale.