Spika Mbili Mbele ya Dira

"Andika samani, shemeji, yaishe," wakala wa usafirishaji alinong'ona kwenye kaunta ya mizigo ya ndege. "Ukitaja sumaku watakukwamisha."

"Sikuunda samani," fundi spika alijibu, kaunta nzima ikasikia. Spika zake mbili zilikuwa zikisubiriwa ng'ambo keshokutwa. Zikichelewa, mteja angechukua za kiwandani. Akamgeukia mkaguzi wa shirika la ndege. "Mzigo wangu una sumaku kubwa. Je, ni wa masharti maalumu? Mnataka karatasi gani?"

Mkaguzi aliweka dira mita mbili na sentimita kumi kutoka kwenye boksi la spika. "Sindano isipozidi nyuzi mbili, tunaandika kwenye hati ya mzigo kuwa hauna masharti. Ikizidi, sumaku inaweza kuvuruga dira ya ndege; mzigo unaingia kundi la mizigo hatari, na ndege ya leo haiuchukui."

Sindano ilisogea nyuzi tano.

"Si nilikwambia mdomo utakuponza?" wakala akacheka.

"Nipeni kisu."

Fundi alilifungua boksi palepale sakafuni. Alikuwa amezipanga spika zikitazama upande mmoja. Akaigeuza moja, migongo ikaelekeana, ili sumaku zipunguziane nguvu, kisha akafunga upya.

Mkaguzi alipima tena, akiligeuza boksi pande zote. Sindano ilicheza nyuzi moja, ikatulia. Akaandika: spika zenye sumaku, hazina masharti. Akagonga muhuri.

Wakala alinyoosha mkono apokee nakala ya hati.

"Acha, shemeji," fundi akasema. "Hii naibeba mwenyewe."