Zamu Zisizoandikwa

Siku tulipopewa barua, wengi walitafuta neno moja tu, kufukuzwa, na walipolikosa wakarudi kwenye mashine. Mimi niliisoma yote, nimesimama katikati ya mvuke, maana nina ubishi, na mbishi hapendi kusimuliwa.

Sisi ni wafuaji wa hospitali. Shuka za wodini, mavazi ya chumba cha upasuaji, mapazia, vyote hupita mikononi mwetu na kurudi juu vikiwa vimekunjwa. Barua ilisema kwamba kuanzia mwezi utakaofuata mwisho wa mwaka wa fedha, kazi ya kufua itachukuliwa na mkandarasi, na sisi tutahamia kwake pamoja na mashine. Ajira zetu hazitakatika. Miaka ya utumishi itahesabiwa kama ilivyo, mshahara, likizo na muda wa notisi vitabaki vilevile, na hakuna atakayeachishwa kazi kwa sababu ya uhamisho wenyewe. Kama mkandarasi anakusudia kubadili chochote katika namna ya kufanya kazi, atasema mapema, nasi tutakuwa na nafasi ya kujibu.

Kisha zikafuata hatua za mashauriano. Tuchague mwakilishi. Tukutane wote na hospitali na mkandarasi katika kikao kimoja. Baadaye kila mtu aitwe peke yake, na akitaka aje na mwenzake. Maswali yapelekwe kwa maandishi, yajibiwe kwa maandishi, kabla taarifa zetu hazijakabidhiwa kwa mwajiri mpya. Asiyetaka kuhama aseme mapema, aombe nafasi nyingine hospitalini kama ipo. Na chini kabisa kulikuwa na sentensi ambayo hakuna aliyeisoma mara mbili: utaratibu wowote wa kazi usioandikwa, lakini uliozoeleka, utajwe wakati huu ili uingizwe kwenye taarifa.

Utaratibu usioandikwa sisi tulikuwa nao mmoja, na ndio uliokuwa maisha yangu.

Mume wangu anachimba madini mbali sana. Hukaa huko miezi miwili, anarudi wiki mbili, kisha anaondoka tena. Ratiba ya mgodi haimjui mfuaji, na ratiba ya wafuaji haimjui mchimbaji. Basi anaporudi, kama zamu zangu za usiku zimeangukia hapo, rafiki yangu huzichukua. Sisi tulimwita Jirani, kwa kuwa kabati lake la nguo limepakana na langu. Yeye hulala kazini, mimi hulala kwangu. Mume wangu akishaondoka ninamlipa usiku kwa usiku, bila kuambiana, kama watu wanaoazimana chumvi. Wengine nao walikuwa na wenzao wa kubadilishana, kwa sababu zao.

Ofisini hakuna aliyejua. Ratiba ya ukutani ilisema hivi, chumba cha mashine kilisema vile. Aliyejua ni msimamizi wetu, mzee tuliyempachika jina la Pasi, maana suruali yake ina mkunjo unaoweza kukata mkate. Yeye ndiye aliyesaini daftari la mahudhurio kana kwamba kila mtu yuko pale alipoandikwa. Alijua atakayekamatwa ni yeye, si sisi. Kwa hiyo tulifunzana kitu kimoja tangu siku ya kwanza ya kazi: mtu wa ofisi akiuliza habari za zamu, hujui, hukusikia, una shuka za kukunja.

Ndivyo tulivyojiponza.

Kikao cha wote kilifanyika kwenye chumba cha kukunjia. Tulikaa juu ya mabunda ya mataulo. Afisa utumishi wa hospitali alisoma barua upya, polepole, na mwanamke wa kampuni ya mkandarasi akajibu maswali vizuri kuliko nilivyotaka ajibu, kwa sababu nilikuja nikiwa nimejiandaa kumchukia. Alieleza sare zitakuwa za rangi gani, mshahara utaingia tarehe ipi. Kisha afisa akainua macho.

"Kuna utaratibu wowote hapa ambao haukuandikwa? Kubadilishana zamu, kwa mfano?"

Tulitazama sakafu. Mzee Pasi alitazama mkunjo wa suruali yake. Mwakilishi tuliyemchagua, dereva wa toroli la nguo chafu, mtu wa maneno kila siku isipokuwa siku hiyo, akasema hapana, sisi tunafuata ratiba. Tulimshukuru kwa macho. Tulidhani tumemwokoa mzee wetu kutoka mtegoni.

Hapo mwanamke wa kampuni akafungua karatasi nyingine. Akasema jambo pekee wanalokusudia kulibadili ni mahudhurio: daftari litaondoka, kila mtu ataweka kidole kwenye mashine mlangoni, na kidole kikiwa si cha aliyepangwa, mlango haufunguki. Kwa kuwa hakuna utaratibu mwingine, alisema, hilo halitamsumbua mtu.

Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema. Sisi tulikuwepo, tumekaa juu ya mataulo, na letu halikuwepo.

Jioni hiyo mume wangu alipiga simu. Simu za mgodini hukatika, kwa hiyo tumezoea kusema ya maana kwanza. Akaulizia watoto, akaulizia mguu wangu unaovimba, akasema amebakiza wiki tatu arudi na anaota kulala mahali ambapo mtu anamgeukia. Sikumwambia lolote. Nilimsikiliza anavyopumua baina ya maneno, nikaweka simu kifuani ilipokatika, mwanamke mzima, mwenye watoto wanaoweza kunicheka. Namtamani mume wangu, na sioni haya kulisema. Miaka yote hii sijazoea kutokuwepo kwake.

Kesho yake nilimwendea Mzee Pasi kabla zamu haijaanza. Nilimwambia bado kuna vikao vya mmoja mmoja, na muda wa kupeleka maswali haujaisha, nami nataka kusema. Nilimwambia pia kwamba nikisema, daftari lake litaulizwa. Alikwangua doa la sabuni mezani kwa ukucha.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilisaini kwa sababu shuka zilikuwa zinafika wodini. Sema. Na useme nilijua."

Katika kikao changu nilimchukua Jirani anisindikize, maana barua iliruhusu. Nilieleza yote: tangu lini, nani na nani, kwamba hakuna zamu hata moja iliyowahi kubaki bila mtu. Sikubembeleza, sijui kubembeleza. Nilisema mlituuliza mbele ya watu jambo ambalo tumefundishana kulificha, mlitegemea jibu gani? Afisa utumishi aliweka kalamu chini, akaichukua tena. Akasema utaratibu uliodumu miaka mingi, unaofahamika na msimamizi na kufuatwa na wote, hauwezi kupuuzwa kwa kuwa tu haukuandikwa, na kwamba atauwasilisha kwa mkandarasi kabla taarifa hazijakabidhiwa. Kuhusu daftari, Mzee Pasi aliandikiwa onyo. Alilikunja vizuri mara nne, akalitia mfukoni, hakulizungumzia tena.

Majibu yalikuja kwa maandishi, kama yalivyoahidiwa. Wafanyakazi wawili wakikubaliana, na msimamizi akisaini kabla ya zamu, wanaweza kubadilishana, na mashine ya mlangoni itapokea kidole cha aliyechukua zamu. Haki hiyo inahamia pamoja nasi. Nilipiga kigelegele kimoja kwenye chumba cha mashine na dereva wa toroli akadai eti yeye ndiye mwakilishi aliyeipigania. Nilimwachia, siku hiyo nilikuwa na huruma hata kwa waongo.

Nilimtafuta Jirani nimpe nakala. Nilimkuta kwenye makabati, anatoa vitu vyake: kanga ya kujifunikia usiku, kikombe, ndala. Nikadhani anasafisha.

Akaniambia ameomba kubaki. Stoo ya shuka za wodini ilikuwa na nafasi, kazi ya mchana tu, na hospitali imemkubalia. Yeye hatahama nasi.

Nilikasirika, ndiyo. Nilimuuliza kwa nini alikaa kando yangu kwenye kile kikao, akinisaidia kukumbuka tarehe, kama alijua hatakuwepo. Alikaa kwenye benchi, ndala zake mapajani.

"Kwa sababu ulikuwa ukweli, na ulihitaji shahidi," akasema. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Wako yuko mbali, unamtamani. Wangu anaoka mikate, anatoka alfajiri mimi ninaporudi kutoka zamu ya usiku. Tunalala kitanda kimoja kwa zamu. Nami namtamani vilevile, mwenzangu."

Alikuwa amenilindia usiku wangu na mume wangu, na kila nilipomlipa nilidhani tumemalizana. Nilichukua ndala zake, nikazifunga kwenye mfuko, nikamwambia aende. Nilisema kwa ukali kidogo ili nisilie. Yeye alilia kwa niaba yetu wote wawili.

Tulihamia kwa mkandarasi tarehe ileile iliyoandikwa. Miaka yangu ya utumishi ilihama, likizo ilihama, mshahara ukaingia bila pengo. Barua haikutudanganya hata mstari mmoja. Ratiba mpya ilipotoka, zamu zangu za usiku ziliangukia wiki ya kwanza ya mume wangu nyumbani, na nikazunguka nikiuliza. Mmoja ana mtoto mchanga, mwingine anasoma jioni, wengine wana wenzao tangu zamani. Haki ninayo, imepigwa muhuri. Mtu wa kubadilishana naye ndiye hakuna.

Mume wangu alifika saa kumi na moja jioni, na begi lake, na vumbi lisilotoka kwenye kucha. Nilikuwa nimeshavaa sare. Aliitazama, akaelewa, akaweka begi chini bila kulifungua. Nilianza kumweleza habari za kidole, mlango na Jirani, nikachanganya mambo. Akasema nitamweleza njiani.

Tulitembea polepole mpaka geti la wafanyakazi. Nilipofika kwenye mashine niligeuka nimpungie mkono, lakini mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alikuwa na haraka. Nikaweka kidole. Mlango ukafunguka mara moja.