Vyeti Vitatu Mezani

Jumanne, tarehe 11 Machi. Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu mepesi, yale yasiyomlowesha mtu bali yanamchokoza tu, na mawingu yalikuwa yameshuka karibu na mabati. Niliamka kabla ya wote, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikasema, "Ee Mungu, leo sikuombi maneno mengi. Nipe yanayotosha."

Usaili ulikuwa saa nne, kwa kompyuta, katika chumba kile kile cha shule ya jioni ninakojifunzia lugha. Wenye kazi walikuwa nchi ya mbali, kwenye kiwanda cha kusafisha maji, nao walitafuta fundi umeme. Mimi ni fundi umeme, mama wa watoto wawili, umri wangu miaka arobaini na sita. Darasani nilirudi nikiwa na thelathini na nane, nikakaa dawati moja na vijana walionipa shikamoo kila nilipofungua daftari.

Wifi yangu alinisindikiza. Ndiye aliyenichapia maombi ya kazi, kwa hiyo aliuhesabu usaili ule kuwa wake pia.

"Wifi," aliniambia mlangoni, "usianze kusali kimyakimya mbele ya kompyuta. Watadhani mtandao umekatika."

"Na wewe usikohoe. Hawakukuita."

Mwalimu wetu wa lugha alikuwa ameshawasha mashine. Akavuta kiti pembeni, mahali ambapo kamera haifiki, wifi akakaa kando yake. "Mimi leo ni ukuta," akasema. "Na ukuta hauna mdomo. Usinitazame ukikwama."

Kwenye kioo walitokea wawili: ofisa wa ajira, mwanamke mwenye sauti ya upole, na mkuu wa karakana, mzee aliyening'iniza miwani shingoni. Tulisalimiana kwa lugha yao. Kisha ofisa akainua karatasi.

"Tumepokea cheti chako cha ufundi. Kimeandikwa Daraja la Kwanza. Kwetu hiyo ni ngazi ya anayeanza, na kazi hii inahitaji ngazi ya tatu. Lakini tuna nafasi ya msaidizi: kubeba vifaa, kushika taa, kusafisha karakana. Utaipokea?"

Miaka minane ya jioni, nikashike taa! Wifi haijui lugha ile, ila alimwona ofisa akitabasamu, basi naye akawa ananitikisia kichwa: kubali, kubali.

Nilijua kosa limetoka wapi. Nina vyeti vitatu, lakini nilipeleka kimoja tu, kile cha juu. Wifi ndiye aliyenishauri. "Hivi vingine vya nini?" alisema siku ile. "Mtu haendi harusini na nguo ya kudekia." Nami nilikubali upesi, kwa sababu yangu mwenyewe. Cheti cha chini kabisa kina maneno mawili ninayoyaonea aibu: *kwa marudio*. Mara ya kwanza nilianguka.

Vyote vitatu vilikuwa mapajani, ndani ya bahasha ya plastiki. Nikavitoa.

"Samahani," nilisema. "Kazi ya msaidizi ni kazi ya heshima, lakini siyo yangu. Naomba nieleze vyeti vyetu."

Mkuu wa karakana alivaa miwani.

"Kwetu fundi huanza Daraja la Tatu. Akifaulu hupanda la Pili, kisha la Kwanza. La Kwanza ndilo la mwisho. Juu yake hakuna jingine. Tafadhali msiangalie namba. Angalieni tarehe."

Nikasogeza cha kwanza mbele ya kamera. "Daraja la Tatu. Miaka saba iliyopita." Nikaweka cha pili. "La Pili. Miaka mitano." Cha tatu. "La Kwanza. Miaka miwili. Huu hapa mtaala, na saa za vitendo kwa kila daraja. Na hii ni barua ya baraza la mitihani, ina anwani yao. Msiniamini mimi, waulizeni wao."

Ofisa alianza kuandika. Mzee alisogea karibu na kioo mpaka nikaona vinyweleo vya pua yake.

"Hiki cha chini kimeandikwa nini hapa pembeni?"

Nilijua atakiona. "Kwamba nilirudia mtihani. Mara ya kwanza nilianguka."

"Ulianguka kwa nini?"

"Naomba nikueleze baadaye kidogo. Sijakimbia swali." Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Najua, ila nauweka kwenye sala zangu.

Ofisa akahamia kwenye lugha. "Fomu yako inasema unazungumza kwa ufasaha kamili."

Nikamkata wifi jicho. Ufasaha kamili! Mimi ninayeota ndoto nikipekua kamusi!

"Hapo fomu imenipamba," nilisema. "Cheti changu cha lugha ni B1, ngazi ya kati. Naelewa mtu akiongea kawaida juu ya kazi. Maelekezo ya mashine nasoma mwenyewe. Ripoti naandika, lakini polepole, na kamusi iko mkononi. Kwenye simu yenye kelele hunipotea maneno. Nisipoelewa nasema sijaelewa, kisha narudia nilichoambiwa ili aliyesema anisahihishe."

"Haya, tukujaribu," mzee akadakia. "Unabadilisha mota ya pampu. Unazima swichi kuu, unafunga kufuli, unatundika kibao cha onyo. Unapima nyaya kwa testa. Testa haionyeshi umeme. Unaanza kazi. Rudia."

Nikarudia: swichi, kufuli, kibao, testa. Kisha nikanyamaza. Wifi lazima alidhani mtandao umekatika kweli.

"Nimerudia ulivyosema," niliendelea, "lakini kazi sianzi. Testa ikiwa mbovu nayo haionyeshi umeme. Kwanza naijaribu kwenye umeme ninaoujua kuwa upo. Ndipo napima nyaya za mota. Halafu naijaribu tena pale pale pa mwanzo, nijue haikufa katikati. Na hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Hapo ndipo nilipoanguka. Niliamini testa bila kuijaribu. Sijarudia kosa hilo mpaka leo."

Mzee alivua miwani, akaiacha ining'inie. "Hatua hiyo niliiruka makusudi," alimwambia mwenzake. "Wengi huirudia sentensi yangu kama ilivyo."

Walizima sauti wakazungumza. Mimi nikaushika ukingo wa meza. Sauti iliporudi, ofisa ndiye aliyesema.

"Tutakuandikia nafasi ya fundi, siyo msaidizi. Masharti ni mawili. Vyeti vyote vitatu viende kwenye mamlaka yetu inayolinganisha vyeti vya nje, nayo ivithibitishe. Na miezi sita ya kwanza, kazi yako itatiwa saini na fundi mwingine, mpaka ufaulu ngazi ya lugha inayofuata, B2, uweze kuandika ripoti za usalama peke yako. Unaahidi kuifikia ndani ya miezi hiyo?"

Nikaahidi, kwa lugha yao.

"Amesema nini? Umesema nini?" Wifi alishindwa kuvumilia, akaingiza kichwa chote kwenye kamera. Mzee akampungia mkono.

"Ukuta umeruhusiwa kusema," Mwalimu akasimama, macho yakimmeta. "Wamempa ya fundi, si ya kushika taa. Naye ameahidi kufaulu mtihani wa lugha ndani ya miezi sita."

"Ya fundi!" Wifi aliviangalia vile vyeti mezani, akakichukua cha chini na kukifuta kwa khanga yake. "Na nguo ya kudekia imeingia harusini! Sasa hiyo ahadi isiishie kwenye kizungumkuti cha huko. Iseme na kwa lugha yetu, tukushuhudie."

Nikasimama. Mbele ya Mwalimu, mbele ya wifi, mbele ya wale wawili waliokuwa bado kwenye kioo, na mbele za Yeye niliyemwomba asubuhi, nikasema kwa sauti:

"Miezi sita haitaisha sijafaulu mtihani wa lugha, Mungu akinijalia uzima. Na nikianguka nitasema nimeanguka, na nitarudia mpaka saini iwe yangu."