Mtu Mmoja, Kamera ya Mkononi

Mume alipiga video, mke aliandika maneno. Ndivyo walivyogawana kazi, na ndivyo mke alivyopata jina la Mama Maneno. Kabla kipande hakijapelekwa kwenye tovuti ya kuuzia video, yeye alikipa kichwa: nani anafanya nini, wapi, na kamera inakwendaje. Kisha maneno ya kutafutia, lile zito likitangulia, ili mnunuzi aliye mbali akipate. Sheria ilikuwa moja: andika kinachoonekana, usiandike unachohisi.

Jamani, siku hiyo sheria ilimshinda.

Vipande kumi na vinne, vyote vya mwanamke mmoja, fundi cherehani wa pale kona. Fundi akikata kitambaa. Fundi akitunga uzi. Hapo sawa, kazi ni kazi. Lakini kipande cha tisa fundi alicheka, na kamera ikacheka naye. Picha nzima ilitikisika. Mama Maneno alikirudia mara sita. Mume wake, mtu wa stendi ya kamera, anayepima usawa hata akipiga picha ya sufuria, leo ameishika kamera mkononi! Tena anasogea, taratibu, mpaka vishimo vya mashavu ya yule mwanamke vikajaa kioo.

Wivu ulimpanda mpaka masikio yakawaka. Akafungua vichwa vya zamani, vya video alimoonekana yeye. “Mwanamke akiosha vyombo jikoni, kamera imetulia.” “Mwanamke akikunja nguo chumbani, kamera imetulia.” Vilikuwa thelathini na kimoja, na vyote kaviandika mwenyewe bila kushtuka. Akakumbuka: mume hutega kamera kwenye stendi, anabonyeza, halafu huyoo, anaenda zake barazani kuchezea simu. Hofu ikamshika. Kumbe mume anamponyoka, na yeye ndiye anayemwandikia kichwa!

“Haya, bwana we,” alisema peke yake. Akaandika: “Fundi cherehani akicheka kibandani, kamera ya mkononi ikisogea karibu taratibu.” Kwenye maneno ya kutafutia, pale pa idadi ya watu, akaweka: watu wawili. Akatuma.

Kesho yake jioni mume aliingia na simu mkononi, kanuna.

“Mke wangu, kipande cha tisa kimerudishwa. Wakaguzi wanasema maneno hayalingani na picha. Umeandika watu wawili, na hapa yuko mtu mmoja tu!”

“Wako wawili.”

“Wapi? Hebu nionyeshe huyo wa pili.”

Mama Maneno alikuwa anafuta meza. Hakuinua kichwa.

“Wa pili ndiye aliyeshika kamera.”

Sasa, mume wake ni mtu wa kelele. Msingizie hata kumaliza sukari tu, majirani watatoka nje kusikiliza. Mama Maneno aliweka kitambaa chini akamngojea apige kelele. Aliomba moyoni apige.

Mume alivuta kiti, akakaa, akaanza kuangalia viatu vyake.