Mvua Iliyowekwa Chini ya Nyimbo

Mama yake Nyima Darboe alikuwa amezikwa miezi saba iliyopita, lakini mwili wa Nyima ulikuwa bado haujapata habari. Kwa miaka miwili alikuwa amemuuguza mama huyo katika chumba cha pembeni, hapo hapo mjini Brikama, na alizoea kuwa wima kabla kikohozi hakijaisha. Sasa hapakuwa na wa kukohoa, na masikio yake yaliendelea na zamu. Mbuzi wa jirani akijikuna ukutani, Nyima macho. Bati likitoa mlio kwa baridi, Nyima macho, na akishaamka hakulala tena.

Alikuwa fundi cherehani, mwenye miaka arobaini na sita, na siku alipoipitisha sindano ya mashine katikati ya kidole chake mwenyewe, akaitazama kwa muda kabla ya kuhisi maumivu, ndipo alipokubali kwenda kituo cha afya.

Nesi Amie Gomez alimfunga kidole na kumuuliza maswali ambayo hayakuhusu kidole. Kisha akampa masharti. Chai nzito ya kijani aiache ikishapita sala ya alasiri. Kitandani aende usingizi ukija tu, na aamke saa ile ile kila siku hata kama hakulala. Na atafute muziki. Si muziki wowote: uwe wa taratibu, mapigo yasiyozidi mwendo wa moyo uliotulia, sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, pasiwe na kitu cha kumshtua. Dakika arobaini na tano zatosha. Asikilize kila usiku, na asikate tamaa kabla ya wiki tatu.

“Redio haifai,” Nesi Amie alisema. “Tangazo likiingia, umeamka. Si una mume mpiga kora nyumbani? Mtumie.”

Mumewe, Burama Kanuteh, alikuwa kweli mpiga kora, ala ya kibuyu yenye nyuzi ishirini na moja, mtoto wa ukoo ulioipiga tangu babu za babu zake. Maishani mwake alikuwa hajaombwa kumlaza mtu. Kazi yake ilikuwa kuwaamsha: kuwatajia watu majina ya baba zao harusini mpaka wainuke na kutoa walichonacho. Lakini aliposikia maneno ya nesi hakucheka. Alikaa barazani siku nne akijaribu. Alikibandua kipande cha bati kinachotoa mvumo juu ya daraja la nyuzi, kile kijiti kinachozishikilia. Aliacha kugonga kibuyu kwa kidole. Akaacha maneno, maana jina likitajwa mtu husikiliza, na anayesikiliza halali. Akapiga kwa vidole vyenyewe, si kwa kucha, polepole, akirudia njia ile ile ya sauti na kuibadilisha kidogo kidogo, kama mtu anayetembea huku amebeba mtoto aliyesinzia.

Kisha akaenda kurekodi kwa Ida Mboge, mwanamke mwenye studio ya chumba kimoja nyuma ya soko. Ida alizisawazisha nyuzi zilizochomoza, akaunganisha nyimbo zote pasiwe na kimya katikati, kwa kuwa kimya cha ghafla nacho humwamsha mtu, na mwisho akaufifisha muziki kwa dakika tano nzima hadi sauti ikayeyuka.

Burama alimwonyesha mkewe namna ya kuiweka simu yenye nyimbo mbali na kitanda, mtandao umezimwa ili asiingie mpigaji. Usiku wa kwanza hazikusaidia kitu. Wiki ya pili Nyima alilala saa nne mfululizo. Wiki ya nne aliamshwa na adhana ya alfajiri, akabaki amelala chali, machozi yakimtiririka kuingia masikioni, kwa shukrani.

Akawasimulia wateja wake. Akawaambia kwamba wapo wanawake waliovishwa dhahabu na waume zao, lakini yeye mumewe alimpa usingizi. Wengine walitabasamu na kutazama chini. Alidhani wanamwonea wivu.

Mwaka tangu aanze nyimbo ukakaribia kwisha. Aliporudi kwa Nesi Amie kupimwa presha, akataja kwa fahari kwamba sasa nyimbo zake ni za saa tano, Burama alizirefusha. Nesi akaikunja mipira ya kipimo chake.

“Za saa tano za nini? Ukishalala umelala. Punguza, Nyima, usijifunge na kitu ambacho siku kikikosekana utataabika.”

Nyima alimweleza mumewe maneno hayo jioni, wakila. Burama akasema nesi huyo ni wa kuchoma sindano tu, muziki haujui. Akalisema kwa ukali usiolingana na jambo lenyewe, na hakumaliza wali wake.

Kwa hiyo Nyima hakumwuliza tena. Siku ya Jumatano aliichukua simu, akaenda mwenyewe kwa Ida Mboge. Ida alimpokea kwa furaha, akamkalisha kwenye kiti chake cha kuzunguka. Nyima akaomba nyimbo zipunguzwe. Ida akauliza apunguze vipi, maana siku hizi chini ya nyimbo pana mvua inayoenda saa zote tano.

“Mvua ipi?” Nyima akauliza.

Ida akamvisha vifaa vya masikioni, akaiondoa kora, akabakiza kilichokuwa chini yake. Ilikuwa sauti ya mvua ya mbali, mvua isiyo na radi wala upepo, inayonyesha sawasawa tu. Alieleza kazi yake kama fundi anayejivunia mshono. Sauti ya namna hiyo huzifunika sauti nyingine, alisema. Mlango, mbwa, chochote, sikio halisikii tofauti. Burama aliiomba miezi minane iliyopita, akazirefusha nyimbo siku hiyo hiyo.

“Alisema pikipiki za mtaani kwenu zinakukatisha usingizi,” Ida akamaliza. “Nikamwambia hiyo ni kazi rahisi, shemeji.”

Nyima alivivua vile vifaa taratibu, akaviweka mezani. Uchochoro wao uliishia kwenye ukuta wa shule. Hapakuwa na pikipiki iliyopita pale. Iliyokuwapo ilikuwa moja, na ilikuwa ya Burama.

Jioni ile, mumewe alipoingia kuoga, Nyima alisoma kipimo cha kilomita cha pikipiki na kuandika namba kwenye kitambaa kwa chaki ya ushonaji. Akalala na nyimbo zake kama kawaida; hata akiwa na moto kifuani, zilimlaza, na hilo hakuja kujisamehe upesi. Asubuhi namba ilikuwa imeongezeka kwa kilomita hamsini na kidogo. Burama alikuwa anapiga mswaki uani, akimwuliza kama amelala vizuri.

Nyima aliingia ndani. Alivaa, akaenda kwa Fodayo, kaka mkubwa wa Burama, mtu ambaye alimwita kaka kwa miaka ishirini. Akamwuliza mumewe huenda wapi usiku. Fodayo akamsogezea kiti kwanza. Kisha akasema huenda Gunjur, kwa mke wa pili. Ndoa ilifungwa msikitini miezi minane nyuma, yeye mwenyewe alikuwapo, na kokwa za kola, za kutangazia ndoa, ziligawanywa ukoo mzima. Walikubaliana wamwambie akipata nafuu.

“Nilipata nafuu kabla hata ya ndoa hiyo, kaka,” Nyima akasema.

Akaondoka bila kuaga. Dini ilimruhusu Burama, hilo alilijua. Mama yake mwenyewe aliishi na wake wenza wawili na wote watatu waliheshimiana mpaka kaburini. Angeambiwa, angelia, angenuna mwezi mzima, kisha angelipokea. Kilichomnyong'onyesha njiani ni kuwakumbuka wale wateja waliotazama chini. Walikuwa wanamhurumia, naye akiwasimulia habari za usingizi.

Alifika Gunjur jua likiwa kali, akaelekezwa nyumba bila shida. Sarjo Touray alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mjamzito, anapepeta mchele mlangoni. Nyima alipojitaja, yule dada aliuweka ungo chini, akainama kumsalimu kwa mikono miwili kama anavyosalimiwa mkwe.

“Dada mkubwa, karibu. Nimemwomba sana Burama anilete nikushukuru, anasema afya yako haijaruhusu.”

“Unishukuru kwa lipi?”

Sarjo alimtazama asielewe. Akasema kwa sauti ndogo kwamba aliambiwa Nyima ndiye aliyemchagua. Kwamba mke mkubwa ni mgonjwa, hulala kama maiti kwa dawa, hawezi tena kazi za mke, na yeye mwenyewe ndiye aliyetuma kola za posa. Vinginevyo baba yake asingekubali.

Nyima alikaa kwenye kigoda alichosogezewa. Alikuja na maneno tayari, makali, ya kumvua nguo mtu. Hakuna hata moja lililomfaa huyu. Akamweleza ukweli: kwamba haumwi, hakumeza dawa, na kola hakuzituma. Sarjo alisikiliza huku mkono uko tumboni. Mwisho alitamka jambo moja tu, kwamba sasa hajui aliolewa na nani. Wakanywa maji kwa kikombe kimoja, na Nyima akarudi.

Burama alikuwa barazani, akikaza nyuzi. Kwa sura ya mkewe alijua. Hakukana. Alisema alianza kwa nia njema, na Nyima aliliamini hilo, maana alikuwapo zile siku nne. Akasema mambo yalikuja kumzidi. Kila alipotaka kusema aliona jinsi anavyolala, akaogopa kumrudisha alikotoka.

“Nilikuonea huruma,” akasema. “Kosa langu ni lipi hasa, kwamba ulipumzika?”

“Nilifumba macho mbele yako, Burama. Sikumwachia mtu mwingine yeyote masikio yangu tangu mama afe. Ukayaziba ili upite.”

Burama akasema atazirekodi upya, bila mvua, bila chochote. Nyima akamwambia achukue kora yake, aende akalale Gunjur mchana kweupe kama waume wengine, kama huko watamfungulia. Nyumba ilikuwa ya mama yake Nyima, na Fodayo alipokuja na wazee wawili kusuluhisha, aliwapa viti na maji, kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Nyimbo alizifuta. Usingizi ukaondoka nazo, wote, siku ile ile. Baada ya majuma mawili alirudi kituoni akiwa na weusi chini ya macho, na kwa mara ya kwanza akakiri alichokuwa akikiogopa: kwamba pengine ni mkono wa yule mtu tu unaoweza kumlaza. Nesi Amie alikataa kabisa. Alisema kilichomlaza ni utaratibu na sauti isiyopindapinda, na hivyo havina mwenyewe.

Ida Mboge, ambaye hakuacha kuomba radhi, alimtafutia mama mmoja wa kabila la Kiserer aliyekuwa akiimba kwa kuguna, midomo imefumbwa. Wakarekodi alasiri moja, mama yule ameketi kwenye mkeka, akipumua polepole kati ya mstari na mstari. Ida akasawazisha. Akauliza kama aweke kitu chini, kidogo tu, cha kufunika kelele za nje.

“Usiweke,” Nyima akasema. “Dakika arobaini na tano, kisha ziniachie nyumba yangu niisikie.”

Wiki ya kwanza hazikusaidia kitu. Wiki ya tatu alipata saa mbili, mara nyingine tatu. Huamka bado, akasikiliza uani, akasikia mbuzi, akakaa macho na hasira yake mpaka imchoke. Sarjo alijifungua mtoto wa kike, akatuma habari kwa mtu wa sokoni. Nyima alimshonea kigauni cha siku ya kupewa jina, akakifunga kwenye karatasi, na ubaoni alikoandika kazi za wateja akaandika jina la Sarjo peke yake, la Burama asiliweke.